Viza imeisha siku 10 zilizopita na saa za kazi zilizidi: kosa lipi lina uzito zaidi?

*"Shikamoo. Mdogo wangu wa kiume alikwenda Uingereza Septemba 2024 kusoma shahada ya uzamili. Viza yake iliisha tarehe 30 Januari 2026, leo ni tarehe 9 Februari na bado yuko kule, anasema anasubiri majibu ya tasnifu aliyoambiwa airudie. Amenikiri pia kwamba wiki nyingine alifanya kazi kuzidi saa anazoruhusiwa, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hapa Moshi kuna ajenti anasema asihangaike: akirudi atafute pasipoti mpya, na siku akiomba viza tena aseme hajawahi kupitisha muda. Je, ameshajiharibia? Afanye nini?"*

Marahaba, dada yangu. Hajajiharibia, ila anazo siku chache za kuamua, na uamuzi huo utakuwa mgumu zaidi kila wiki inayopita. Katika maelezo yako nimeona makosa mawili aliyokwisha kuyafanya na la tatu ambalo bado halijafanyika. Siku 10 zinazowanyima usingizi ndizo nyepesi kuliko yote. Saa za kazi, ambazo umezitaja kama jambo la pembeni, ndizo nzito zaidi kati ya hayo mawili. La tatu ni lile la ajenti, nalo likifanyika halina dawa ya karibu. Nitayachukua kwa mpangilio huo.

Kabla ya kuhesabu siku hata moja, hakikisheni tarehe yenyewe. Watu wengi husoma tarehe mahali pasipo sahihi. Wanafunzi waliofika Uingereza miaka ya nyuma walipewa kadi ya plastiki ya ukaazi, na kadi nyingi kati ya hizo ziliandikwa kwamba zinaisha tarehe 31 Desemba 2024, hata pale ambapo ruhusa ya mwenyewe ilikuwa inaendelea kwa miezi mingi baada ya hapo. Siku hizi rekodi inayotegemewa ni ya kielektroniki, ile inayoitwa eVisa, na mdogo wako anaisoma kwa kuingia kwenye akaunti yake ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya kule, katika tovuti ya GOV.UK. Mwambie aifungue leo, apige picha ya skrini inayoonyesha aina ya ruhusa na siku inapoishia, kisha akutumie.

Tarehe uliyonitajia ina mantiki. Mwanafunzi aliyepewa ruhusa kwa ajili ya kozi ya miezi 12 au zaidi huongezewa miezi 4 baada ya siku ya mwisho ya kozi, kwa hiyo kozi iliyopangwa kuisha mwishoni mwa Septemba 2025 inatufikisha mwishoni mwa Januari 2026. Lakini ipo hatari moja iliyojificha. Chuo kikimwondoa mwanafunzi kwenye orodha yake, kwa sababu ya ada au ya kufeli, kinawajibika kutoa taarifa kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na wizara huweza kuifupisha ruhusa yake, mara nyingi kwa kumwachia siku 60 tu. Taarifa hiyo huja kwa barua pepe, na barua pepe ya namna hiyo inaweza kulala kwenye kapu la taka miezi mitatu bila mwenyewe kujua. Aangalie na huko. Kama ruhusa ilifupishwa, hesabu yote ninayoifanya hapa chini inabadilika.

Tuseme tarehe 30 Januari ni sahihi. Hiyo ndiyo siku yake ya mwisho ya kuwa kihalali, na tarehe 31 ndiyo siku ya 1 ya kuzidisha. Leo tarehe 9 Februari ni siku ya 10. Siku ya 14 ni Ijumaa hii, tarehe 13 Februari. Siku ya 30, kwa kuwa Februari mwaka huu ina siku 28, ni tarehe 1 Machi. Andika hizo tarehe mbili mahali, kwa sababu kila moja ina kazi yake na watu huzichanganya.

Siku ya 14 inamhusu mtu anayetaka kuomba ruhusa mpya akiwa bado ndani ya Uingereza. Kanuni za uhamiaji zinaruhusu ombi lililochelewa kupokelewa bila ucheleweshaji huo kuhesabiwa dhidi yake, ikiwa limewasilishwa ndani ya siku 14 tangu ruhusa ilipoisha na ikiwa ipo sababu nzuri iliyokuwa nje ya uwezo wa mwombaji, ikaelezwa na kuthibitishwa ndani ya ombi lenyewe. Mifano inayokubalika ni kulazwa hospitalini kwa dharura, kufiwa na ndugu wa karibu, au chuo kuchelewa kutoa namba ya udhamini wa masomo iitwayo CAS. "Nilikuwa nasubiri majibu" haimo humo yenyewe peke yake, wala "sikuwa na hela ya ada ya maombi". Kwa hiyo swali la kumwuliza mdogo wako ni hili: je, kabla ya tarehe 30 Januari aliwaandikia chuo akiomba CAS mpya ya kuongezewa muda kwa ajili ya tasnifu, na chuo ndicho kilichomkawiza? Kama anazo barua pepe za Desemba na Januari zinazoonyesha hivyo, hoja ipo, na leo hii hii amwone mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake. Kama hana, asijilazimishe kutengeneza sababu.

Wengine hudhani kwamba wakishabonyeza kitufe cha kutuma ombi basi wamekuwa halali wakati wakisubiri. Hilo ni kweli kwa aliyeomba kabla ruhusa yake haijaisha, maana sheria humwendelezea ruhusa ya zamani mpaka ajibiwe. Aliyeomba akiwa amechelewa, hata kwa siku 2, hapati uendelezaji huo. Anasubiri akiwa hana ruhusa, na haruhusiwi kufanya kazi hata saa moja.

Najua pia anachokiwazia, maana karibu wote hukiwazia: viza ya wahitimu, ile inayomruhusu mtu kubaki na kufanya kazi miaka 2 baada ya shahada. Hiyo huombwa ukiwa ndani ya Uingereza, na ni lazima chuo kiwe kimekwisha kuripoti kwamba umefaulu na kumaliza. Yeye tasnifu yake haijapita, kwa hiyo chuo hakijaripoti chochote, na majibu yakija Machi hayatamfufulia ruhusa iliyokufa Januari. Hiyo nafasi, kwa kadiri ninavyoliona jambo hili, imepotea. Nasema hivyo bila kupaka asali kwa sababu matumaini ya viza hiyo ndiyo yanayowafanya vijana wakae mpaka siku ya 40, ya 60, ya 90, wakilinda kitu ambacho hakipo tena. Tasnifu yenyewe anaweza kuikamilisha akiwa Moshi. Aulize idara yake kwa maandishi kama marudio yanatumwa kwa mtandao na kama kuna usaili wa ana kwa ana. Mara nyingi huwa hakuna.

Sasa siku ya 30. Mtu aliyezidisha muda akaondoka mwenyewe, kwa gharama ambayo si ya serikali ya Uingereza, ndani ya siku 30, hafungiwi mlango kwa sababu ya siku hizo. Anaweza kuomba viza nyingine bila kipindi cha kungoja. Akiondoka siku ya 31, hata kama ni kwa tiketi yake mwenyewe na kwa hiari yake, ombi lolote la kawaida atakaloliwasilisha ndani ya miezi 12 tangu kuondoka ni lazima likataliwe. Afisa anayelisoma hana hiari katika hilo. Tofauti ya mwaka mzima inategemea usiku mmoja, na ndiyo maana simshauri mtu kukata tiketi ya siku ya mwisho. Ndege iliyopangwa kuondoka saa tano usiku ikicheleweshwa mpaka saa saba, siku imeshabadilika. Siku inayohesabiwa ni ya kuondoka Uingereza, siyo ya kutua KIA. Ningependa awe amepanda ndege kabla ya tarehe 20 Februari, ili hata safari ikiahirishwa kwa ugonjwa au hali ya hewa pabaki nafasi.

Nani alipe tiketi ni jambo lenye uzito kuliko linavyoonekana. Serikali ya Uingereza inao mpango wa kuwasaidia wanaotaka kurudi kwao kwa hiari, na mtu asiye na fedha anaweza kuuona kama neema. Lakini aliyerudishwa kwa gharama ya umma hahesabiwi sawa na aliyejilipia. Akiondoka kwa gharama hiyo ndani ya miezi 6 tangu alipopewa taarifa kwamba anastahili kuondolewa, kipindi cha kufungiwa ni miaka 2. Ikipita miezi 6, ni miaka 5. Na anayeondolewa kwa nguvu hufungiwa miaka 10. Kwa hiyo changisheni ukoo, uzeni mbuzi ikibidi, tiketi ilipwe na familia na risiti iwe na jina la mlipaji. Ndugu kumlipia hakuna shida yoyote, mradi fedha si za serikali ile.

Uwanja wa ndege kule hauna dirisha la uhamiaji la kugonga muhuri wa kutoka kama tulivyozoea hapa. Rekodi ya kuondoka hutokana na taarifa za abiria ambazo mashirika ya ndege huzituma, na rekodi hizo zinaweza kuwa na dosari, kwa mfano jina likiandikwa tofauti na la kwenye pasipoti. Kwa hiyo ajitengenezee ushahidi wake mwenyewe: tiketi, kile kipande cha pasi ya kupandia ndege, na muhuri wa kuingia Tanzania kwenye pasipoti yake. Akifika KIA ahakikishe muhuri umegongwa na tarehe inasomeka, na kama haisomeki aombe palepale kwa upole. Pasi ya kupandia ndege mara nyingi huchapishwa kwenye karatasi ya joto, ile inayofifia kama risiti ya dukani. Baada ya mwaka mmoja utakuta karatasi nyeupe. Aipige picha na kuitoa kopi siku hiyo hiyo.

Hayo ndiyo ya siku. Nakuja kwenye saa.

Mwanafunzi wa shahada katika chuo kinachotambulika huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wiki, kwa maana ya kanuni hiyo, ni siku 7 zinazoanza Jumatatu na kuishia Jumapili, na hakuna kuchukua wastani. Hapo ndipo nyumba za kutunzia wazee zinapowaangusha vijana wetu, kwa sababu shifti zao nyingi ni za saa 12. Shifti mbili katika wiki moja ni saa 24. Hata ukitoa nusu saa ya mapumziko isiyolipwa katika kila shifti unabaki na 23. Yaani mtu aliyefanya shifti mbili tu, akijihisi ni mwangalifu kuliko wenzake wote, tayari amevunja sharti.

Chukua mfano wa Julai 2025. Wiki ya Jumatatu tarehe 7 hadi Jumapili tarehe 13, rosta inaonyesha shifti mbili, saa 24. Wiki inayofuata shifti moja, saa 12. Halafu tena mbili, halafu moja. Wiki nne hizo zinafikia saa 72, na hati ya mshahara wa mwezi itaandika 72. Ukigawanya kwa 4 unapata 18, na mwenye haraka atasema yuko salama. Hayuko. Wiki mbili kati ya hizo zilizidi kwa saa 4 kila moja. Ndiyo sababu hati ya mshahara haitoshi kupima jambo hili, na lazima apate rosta zenyewe, wiki kwa wiki. Shifti ya usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu igawanywe saa sita ya usiku, kila upande uhesabiwe kwenye wiki yake. Kwa ugawaji huo nimewahi kuona wiki iliyodhaniwa imezidi ikawa salama, na nyingine iliyodhaniwa salama ikawa imezidi.

Mtego mwingine uko kwenye neno likizo. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wana likizo ndefu ya kiangazi na wanaweza kufanya kazi muda wote katika kipindi hicho. Wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, kwa kawaida, kiangazi chao ni muda wa kuandika tasnifu, nao ni muda wa masomo kamili. Aangalie kalenda ya kozi yake, si ya chuo kwa jumla. Vilevile ile miezi 4 baada ya kozi kuisha, ambayo mtu anaweza kufanya kazi kwa saa zote, ni ya yule aliyemaliza kweli. Mdogo wako alikuwa akirudia tasnifu, na huenda chuo kilimhesabu kuwa bado masomoni kuanzia Oktoba hadi Januari, hivyo kikomo cha saa 20 kikaendelea kumbana. Hilo aliulize kwa uangalifu, na nitaeleza uangalifu wa namna gani.

Kwa nini nasema saa ni nzito kuliko siku? Kwa sababu ule msamaha wa siku 30 ni wa kuzidisha muda peke yake. Haufuniki uvunjaji wa masharti. Aliyezidisha saa za kazi, akaondoka mwenyewe kwa gharama yake, anaangukia kwenye miezi 12 ya kufungiwa hata kama hakuzidisha muda kwa siku moja. Ninyi mnakimbizana na tarehe 1 Machi mkidhani ikipatikana mmepona kabisa, kumbe kosa lile lingine linaleta miezi 12 yake lenyewe. Hata hivyo kuikimbilia tarehe hiyo kuna faida: anaondoka akiwa na kosa moja la kueleza badala ya mawili, na hilo hubadilisha sana namna afisa anavyomsoma baadaye.

Na asijidanganye kwamba hakuna atakayejua. Mwajiri huripoti mishahara kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza kila anapolipa, na wizara ya mambo ya ndani ya kule inaweza kuzipata taarifa hizo. Kipato kikizidi kile ambacho saa 20 zingeleta, hesabu hujisemea. Tangu tarehe 31 Januari, zaidi ya hayo, hana ruhusa ya kufanya kazi yoyote. Kufanya kazi bila ruhusa, akijua hivyo, ni kosa la jinai kule, kama ambavyo kubaki nchini kwa kujua baada ya ruhusa kuisha ni kosa chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971. Kama anayo shifti kesho, asiende. Amwandikie meneja ujumbe mfupi kwamba hawezi tena kufanya kazi kuanzia leo. Shifti tatu za kuchangia tiketi zinaweza kumgharimu kuliko tiketi yenyewe.

Anachotakiwa kufanya jioni hii ni kazi ya karani. Akusanye rosta zote tangu aanze kazi, aandike kila wiki kwa Jumatatu yake, saa alizofanya, na kama ilikuwa wakati wa masomo. Zile zilizozidi 20 azizungushie duara. Ikitokea ni wiki 2 au 3 katika mwaka mzima, ni jambo moja. Ikiwa ni wiki 30, ni jambo jingine, na ni heri ajue mapema ni lipi. Rosta hizi azihifadhi nje ya simu ya kazi na nje ya barua pepe ya kazi, maana akishaacha ajira hatazifikia tena.

Halafu amwone mshauri, ila asianze kukiri mlangoni. Chuo kilichomdhamini kina wajibu wa kuripoti mambo fulani kwa serikali, na mtumishi wa kitengo cha usimamizi wa viza hayuko katika nafasi sawa na mshauri wa umoja wa wanafunzi, ambaye mara nyingi anajitegemea. Kwa hiyo sentensi yake ya kwanza iwe: "Nikikueleza habari za saa zangu za kazi, je, utalazimika kuripoti?" Hilo si kuficha kosa. Ni kujua unazungumza na nani kabla hujapata ushauri. Nje ya chuo atafute mtu aliyesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji ya kule, Immigration Advice Authority, ambayo orodha yake iko wazi mtandaoni, au wakili. Kutoa ushauri wa uhamiaji ndani ya Uingereza bila usajili huo au bila kuwa wakili ni kosa la jinai, na orodha hiyo inasaidia kumtofautisha mshauri na mtu mwenye maneno mengi.

Hapo ndipo namfikia ajenti wenu. Pasipoti mpya ina namba mpya, lakini haina vidole vipya. Mdogo wako aliacha alama za vidole vyote 10 na picha ya uso alipoomba viza mara ya kwanza, na ataziacha tena siku atakapoomba ya pili. Mashine inalinganisha vidole, haijali jalada la pasipoti. Rekodi itakayofunguka ni ya mwanafunzi yule yule, na mbele yake kutakuwa na fomu aliyoitia saini akisema hajawahi kukaa zaidi wala kuvunja masharti. Kuanzia hapo, suala la siku alizozidisha au la wiki za rosta linasahaulika, na linalobaki ni udanganyifu katika ombi, ambao adhabu yake ni kukataliwa kwa miaka 10. Pima mwenyewe: kosa lililokuwa na miezi 12 limegeuzwa kuwa la miaka 10, tena kwa ada aliyolipwa ajenti. Na atakayefungiwa ni mdogo wako. Jina la ajenti halimo kwenye fomu.

Nimekuwa na mteja wa namna hiyo hapa Arusha, miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa amezidisha siku 22 tu na akarudi kwa tiketi ya babake. Kwa kosa hilo peke yake asingefungiwa mlango hata siku moja. Mtu wa ofisi moja akamjazia fomu, akaweka "hapana" kwenye swali la kuzidisha muda, na mwenyewe akatia saini bila kusoma. Barua ya kukataliwa ilikuwa na aya mbili tu. Alikuja nayo kwangu imekunjwa mara nne, na sikuwa na la kumsaidia zaidi ya kumsomea miaka.

Basi, akiomba tena afanyeje? Kama rosta zinaonyesha wiki zilizozidi na akaondoka, tuseme, tarehe 18 Februari 2026, asiombe chochote cha Uingereza kabla ya tarehe hiyo mwaka 2027. Ombi la mapema litakataliwa kwa lazima na kukataliwa kwenyewe kutabaki kwenye historia yake kama jambo jingine la kueleza. Kama rosta ni safi, hakuna kungoja kwa lazima. Katika hali zote mbili, fomu itamwuliza kama amewahi kubaki kuzidi ruhusa yake au kuvunja masharti, na jibu ni "ndiyo", likifuatwa na maelezo mafupi. Maelezo hayo yaandikwe sasa, kumbukumbu ikiwa mbichi. Yatakapotafsiriwa yawe na kiini kama hiki:

"Ruhusa yangu ya masomo iliisha tarehe 30 Januari 2026. Niliondoka Uingereza tarehe 18 Februari 2026, siku 19 baadaye, kwa tiketi iliyolipwa na dada yangu. Nilikuwa nasubiri matokeo ya tasnifu na sikuomba kuongezewa muda kabla ya ruhusa kuisha. Lilikuwa kosa langu. Katika wiki zilizoanza tarehe 7 na 21 Julai 2025 nilifanya kazi saa 24 badala ya 20, kwa shifti mbili za saa 12. Naambatanisha rosta, hati za mshahara, pasi ya kupandia ndege na muhuri wa kuingia Tanzania."

Ona kwamba hakuna kujitetea kwingi, hakuna kulaumu chuo wala meneja, na kila tarehe ina karatasi yake. Afisa akilinganisha barua hiyo na rekodi zake akakuta zinakubaliana, amepata sababu ya kuamini na sehemu nyingine za ombi, kwa mfano pale mdogo wako anaposema atarudi nyumbani baada ya wiki 2. Akikuta siku 19 zimeandikwa "siku chache", anaanza kutilia shaka hata barua ya benki.

Sitakuahidi kwamba miezi 12 ikipita viza itatoka. Baada ya kipindi cha lazima afisa bado ana hiari ya kuitazama historia, hasa kama kulikuwa na mambo yanayozidisha uzito, kama kutumia jina la uongo, kujificha baada ya kupewa taarifa, au kufanya kazi kinyume cha sheria kwa muda mrefu. Ombi la kutembea ndilo litakalokuwa gumu zaidi, kwa sababu msingi wake wote ni kuaminika kwamba utaondoka kwa wakati, na yeye amekwisha kuchelewa mara moja. Ombi la masomo au la kazi lenye mdhamini lina vitu vingine vya kupimwa navyo. Kama ana haraka ya kurudi kule, aanze kufikiria njia hizo kuliko viza ya matembezi ya kuhudhuria mahafali.

Kwa nchi nyingine, miezi 12 ya Uingereza haiwafungi Wakanada wala Waamerika. Lakini fomu zao nazo huuliza habari za kukataliwa au kuvunja masharti kwingine, na Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi wana utaratibu wa kulinganisha alama za vidole na taarifa za uhamiaji. Kanada, kwa mfano, kwa taarifa ya uongo hufungia miaka 5. Kwa hiyo ile barua aliyoiandika kwa ajili ya Uingereza aitunze, na popote swali hilo litakapoulizwa ajibu kwa tarehe zile zile na kwa idadi ile ile ya siku.